Mteja Aliyetaka Pampu ya Inchi Tatu

Mkulima wa nyanya kutoka Ilula, mkoani Iringa, anaingia kwenye duka la pembejeo na kuulizia pampu ya petroli ya inchi tatu. Ya inchi mbili anayo, lakini anasema imechoka na maji hayamtoshi. Muuzaji anayo hiyo ya inchi tatu, ipo pale pale kwenye rafu. Bei yake ni laki sita, mteja amekuja na fedha mfukoni, na shughuli yote inaweza kumalizika ndani ya robo saa. Mkulima huyu nimemtunga, ila waliowahi kuuza mashine za maji watamtambua mara moja, na hesabu nitakazompa ni za kisima na shamba la kawaida kabisa.

Muuzaji wa kawaida atashusha mashine, ataipangusa vumbi na kuanza kusifia injini yake. Muuzaji anayefuata njia ya kushauriana atauliza kwanza. Njia hiyo imeandikwa vitabuni tangu miaka ya 1970, pale Mmarekani Mack Hanan alipotoa kitabu kilichoipa jina, na leo karibu kila kampuni yenye timu ya mauzo hudai inaitumia. Nyingi haziitumii. Zinawapa wauzaji orodha ya maswali, wauzaji wanayasoma kama karani wa sensa, kisha wanauza kile kile walichokuwa wamepanga kukiuza tangu asubuhi. Kwa hiyo kuuliza peke yake hakutoshi kutenganisha njia hii na uuzaji wa kawaida. Inabidi kutazama maswali yenyewe yanafanya kazi gani, na kama jibu lina uwezo wa kubadilisha bidhaa itakayotoka dukani.

Aliyelipima jambo hili kwa kina kuliko wengine ni mtafiti Mwingereza Neil Rackham. Yeye na wenzake walikaa pembeni ya mazungumzo ya mauzo yapatayo 35,000, kwa muda wa miaka 12, wakiandika nani aliuliza nini na mwisho wake ulikuwaje. Matokeo yalitoka katika kitabu chake cha mwaka 1988, na baadhi yaliwaudhi wakufunzi wa mauzo. Walikuwa wamefundisha kwa miaka mingi kwamba maswali ya wazi, yale yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, ndiyo siri ya mafanikio. Rackham hakuona tofauti hiyo katika mauzo makubwa. Walikuwa wamefundisha pia mbinu za kumbana mteja ili akubali hapo hapo; yeye aliona zinasaidia kwa vitu vidogo na kuharibu kwa vitu vikubwa. Kilicholeta tofauti kilikuwa swali linahusu nini, na linakuja baada ya lipi.

Aliyagawa maswali katika makundi manne. La kwanza ni maswali ya hali: shamba lina ukubwa gani, kisima kina kina gani, unatumia mashine gani. Haya hayaepukiki, lakini yana kasoro moja kubwa: yanamnufaisha muuzaji peke yake. Mteja anayajua majibu yote, hapati kipya, na baada ya swali la sita anaanza kutazama mlango. Rackham aliona kuwa wauzaji wasio na uzoefu huyarundika haya kwa sababu ni salama, hayamkeri mtu na hayahitaji kufikiri. Muuzaji mzuri huuliza machache, na mengine huyajibu mwenyewe kwa kutazama. Viatu vyenye mchanga mwepesi tayari vinasema kitu kuhusu udongo wa shamba.

La pili ni maswali ya tatizo, na hapa ndipo mazungumzo yanapoanza kuwa na faida kwa pande zote mbili. Tumsikilize kijana wa dukani.

"Shikamoo, baba. Hiyo ya inchi mbili inakusumbua wapi?"

"Marahaba. Maji hayatoshi, mwanangu. Nyanya zinasinyaa."

"Mara ya mwisho zimesinyaa lini?"

"Wiki iliyopita tu. Kule mwisho wa shamba."

"Na huku karibu na kisima?"

"Huku ziko vizuri, huku hazina shida."

Jibu hilo la mwisho lina thamani kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Kama pampu ingekuwa imechoka na kutoa maji kidogo, shamba zima lingeumia, au angalau mkulima angeona maji yanatoka kwa unyonge tangu kwenye mdomo wa bomba. Shamba linaloumia upande mmoja lina tatizo la njia ya maji. Muuzaji hakulijua hili kabla ya kuuliza, na mkulima alikuwa nalo kichwani bila kuliona kama habari, kwa kuwa tayari alikwisha kulipa tatizo lake jina: pampu ndogo. Hivyo ndivyo wateja wengi wanavyokuja dukani. Wamekwisha kujitibu kichwani, na wanachokisema kaunta ni dawa, wakati muuzaji anahitaji kusikia ugonjwa.

Utaona pia kijana hakuuliza "una changamoto gani?" Swali hilo limeenea sana maofisini na halizai kitu, kwa sababu linamwomba mteja afanye uchambuzi ambao kama angeweza kuufanya asingekuja. Aliuliza mara ya mwisho, na aliuliza wapi. Tukio lililokwisha kutokea lina tarehe, lina mahali, na ni vigumu kulitia chumvi. Maoni hayana mipaka hiyo.

Akaendelea. "Ukiwasha mashine, inakwenda dakika ngapi?"

"Ishirini hivi, halafu kisima kinakauka. Naisubiri jioni."

"Na ukishawasha, maji yanachukua muda gani kufika kwenye mche wa kwanza?"

Mkulima akafikiri kidogo. "Pale mferejini ni mchanga. Dakika saba, nane."

Hapo tatizo limejitokeza lenyewe. Maji yanapita kwenye mfereji wa udongo wa kichanga, hatua sitini au zaidi, kabla ya kuona nyanya hata moja. Katika dakika 20 za mashine, karibu nane zinakwenda kulowesha mfereji, na hata ukishalowa unaendelea kunywa. Kisha kisima kinaisha maji yakiwa bado hayajafika mwisho wa shamba.

Tuipige hesabu, kwa kuwa muuzaji asiyeweza kuipiga hana cha kumshauri mtu. Kisima cha kuchimbwa kwa mkono chenye upana wa mita moja na nusu, kikiwa na maji ya kina cha mita tatu, kinabeba lita 5,000 na ushei. Pampu ya inchi mbili inayotoa lita 16,000 kwa saa inakimaliza katika dakika 20, sawasawa na alivyosema mkulima. Akipiga asubuhi na jioni anapata lita kama 10,000 kwa siku. Nusu ekari ya nyanya zilizokomaa, katika kiangazi ambapo jua hunyonya milimita tano za maji kwa siku, inahitaji nayo lita kama 10,000. Maana yake kisima kinatosha, na pampu aliyonayo inatosha. Kinachopungua ni kile kinachomezwa na mfereji, ambacho katika mchanga kinaweza kufika nusu.

Na pampu ya inchi tatu je? Ingesukuma maji kwa kasi zaidi, hivyo yangefika mbele mapema kidogo, hilo halina ubishi. Lakini kisima kilekile kingekauka chini ya dakika kumi, petroli ingeongezeka, na mfereji wa mchanga ungeanza kumomonyoka kwa nguvu ya maji. Mkulima angerudi dukani baada ya wiki mbili akiwa na maneno makali, na angekuwa na haki nusu tu, kwani alichokiomba ndicho alichopewa.

Kundi la tatu ndilo Rackham alilolipa uzito mkubwa zaidi: maswali ya athari. Tatizo lililotajwa bado si sababu ya kutoa fedha. Watu huishi na matatizo miaka mingi, wakiyazunguka kama shimo la barabarani. Swali la athari humwomba mteja afuate tatizo mpaka linapogusa fedha, usingizi au heshima yake. Hapa ndipo wauzaji wengi wanapokwama, kwa sababu mbili. Kwanza, swali la athari haliwezi kutungwa na mtu asiyeijua kazi ya mteja. Anayeuliza kuhusu nyanya lazima ajue kwamba mche unaokosa maji siku mbili kisha ukapata mengi kwa mpigo hutoa matunda yanayooza kitako au kupasuka. Pili, swali hili linakaribia sana kumtisha mtu, na mpaka kati ya kumsaidia mteja aone na kumtia hofu ni mwembamba.

Kijana wetu aliuliza hivi: "Huo upande wa mwisho, msimu uliopita, matunda yake dalali aliyapokea?"

"Aliyapokea kwa masharti. Yale yaliyopasuka alichukua nusu bei. Yaliyooza kitako akaacha."

"Ya nusu bei yalifika matenga mangapi?"

"Yanafika thelathini."

Tuseme tenga zuri siku hiyo lilikuwa shilingi 20,000. Matenga 30 kwa nusu bei ni laki tatu zilizopotea, bila kuhesabu yaliyoachwa. Kumbuka namba hiyo ameitoa mkulima mwenyewe, na hesabu ameifanya kichwani kabla muuzaji hajafungua mdomo. Tofauti hiyo ni kubwa. Muuzaji angesema "unapoteza laki tatu kila msimu," mkulima angetafuta sababu za kukataa. Aliyeihesabu mwenyewe hana wa kubishana naye.

Kundi la nne, maswali ya faida ya kutatua, nitalipita haraka. Ni maswali ya aina ya "kama maji yangefika mwisho wa shamba kila siku, ungebadilisha nini?" Kazi yake ni kumfanya mteja aeleze mwenyewe thamani ya suluhisho, jambo linalomsaidia hasa anapokwenda kumweleza mtu mwingine. Yakiulizwa mapema, kabla tatizo halijakaa sawa, yanasikika kama mtego, na mara nyingi ni mtego kweli.

Mpangilio huu una hoja nyingine iliyofichika ndani yake, na ndiyo inayowasaidia wauzaji wanaolalamika kuwa "Wabongo wanapenda bei tu." Rackham aliona kuwa muuzaji anayemwaga sifa za bidhaa mapema ndiye anayezaa malalamiko ya bei. Kila sifa unayoitaja inamwambia mteja kuna kitu cha ziada anakilipia. Kama hujajua anakihitaji, umemwongezea gharama akilini. Pingamizi nyingi zinazofundishiwa majibu kwenye semina zisingetokea kama suluhisho lingechelewa kidogo.

Hata hivyo maswali yana mwisho wake. Wakosoaji wa baadaye, hasa Matthew Dixon na Brent Adamson katika kitabu chao cha 2011, walisema kwamba mteja mara nyingi hajui anachohitaji, hivyo kumhoji ni kumpa kazi ya kumfundisha muuzaji. Nadhani wana haki kwa nusu. Mkulima wetu anajua mengi aliyohitaji tu kuulizwa. Lakini hajui kisima chake kinarudisha maji kwa kasi gani, na hakuna swali la dukani litakalompa jibu hilo. Jibu limo kisimani. Unashusha kamba yenye fundo kila baada ya nusu mita, unakausha kisima kwa mashine, unatazama saa. Maji yakipanda mita moja kwa saa ya kwanza katika kisima cha upana ule, kinaingiza lita kama 1,800 kwa saa, na kasi hiyo hupungua kadiri maji yanavyopanda. Kwa hiyo mashine inayovuta polepole siku nzima, kama pampu ndogo ya sola, hupata maji mengi kuliko mashine kubwa inayovuta kwa pupa mara mbili. Kipimo hicho kikifanywa Mei hakisemi lolote kuhusu Oktoba, na muuzaji makini atauliza: mwaka jana mwezi wa kumi, maji yalifika jiwe gani?

Muuzaji anayeshauri, basi, anatoka dukani. Pale asipoweza kutoka, anamwachia mteja kazi ya kupima na kumwambia arudi na majibu. Huu ni mtihani mzuri kwa pande zote mbili. Mteja aliye tayari kushusha kamba kisimani ana tatizo la kweli. Asiyerudi huenda hakuwa na uharaka huo.

Kuna ugumu mwingine ambao vitabu vya Ulaya na Marekani havikuuzingatia sana. Kwetu mtu mwenye adabu hakatai usoni. Ukimwuliza mzee "hii itakusaidia, sivyo?" atasema ndiyo, atakushukuru, atakuaga vizuri, na hutamwona tena. Ndiyo ya adabu imewadanganya wauzaji wengi, pamoja na mameneja wanaoandika kwenye ripoti kuwa mteja "ameonyesha nia." Njia ya kuitambua ni kutazama kama baada yake kuna kitendo chenye gharama kwa mteja, hata ndogo: amekupa namba ya mwenzake, amekukaribisha shambani, amekubali siku, amepima. Ndiyo isiyofuatwa na kitendo ihesabiwe kuwa hapana iliyosemwa kwa upole. Na afadhali swali liwe na mlango wa kutokea: "Kuna kitu gani kingefanya jambo hili lisubiri mpaka msimu ujao?" Hapo mtu anaweza kueleza ukweli bila kumkosea mwenzake adabu.

Swali la nani anaamua ni gumu zaidi. Kumwuliza mzee wa makamo "je, wewe ndiye mwenye uamuzi?" ni kumtukana. Lakini fedha za pampu huenda ni za VICOBA ya mke wake, au za mtoto aliyeko Dar es Salaam, na shamba lenyewe huenda ni la ukoo. Wauzaji wazoefu huulizia historia: "Ile mashine ya kwanza, mliinunuaje?" Katika jibu utasikia majina yote. Akisema "mama alitoa nusu," basi mama naye lazima aione hesabu, na itabidi iandikwe kwenye karatasi inayoeleweka bila muuzaji kuwepo.

Wakufunzi hupenda kumlinganisha muuzaji wa namna hii na daktari: kwanza vipimo, halafu dawa. Mlinganisho una kasoro. Daktari wa zahanati halipwi kwa ukubwa wa kidonge. Kijana wa dukani, tuseme analipwa kamisheni ya asilimia tano, anapata shilingi 30,000 kwa pampu ya laki sita. Maswali yake yamemfikisha mahali ambapo mkulima anahitaji mpira wa maji wa mita 60 wa kuchukua nafasi ya mfereji, na viungio vyake, vyote kwa chini ya laki tatu. Kamisheni yake imeshuka kwa zaidi ya nusu, na bado amepoteza saa nzima. Hapa mimi sishangai wauzaji wanapojifunza kuuliza maswali yanayoelekea kwenye pampu tu. Mwenye duka anayetaka ushauri wa kweli lazima aangalie kwanza anawalipaje vijana wake: kwa mauzo ya siku, au pia kwa wateja wanaorudi na mashine zisizorudishwa. Mafunzo ya maswali yasiyogusa malipo hutoa wauzaji waliojifunza kuuliza kwa sauti laini zaidi.

Tena njia hii haifai kila mahali. Anayenunua spaki plagi anataka spaki plagi. Kumhoji ni kumchelewesha. Katika zabuni za serikali, ambazo Tanzania sasa hupitia mfumo wa NeST, vipimo vya kitu huwa vimekwisha kuandikwa zabuni inapotangazwa, na anayeuliza baadaye hupata ufafanuzi tu. Na yupo mteja aliyekwisha kupima na anayejua kisima chake kuliko wewe. Huyo swali moja linamtosha: umefikiaje inchi tatu? Akitoa hesabu, muuzie.

Mkulima wa Ilula hakuwa na hesabu. Aliondoka na mpira, akaambiwa auhamishe mstari kwa mstari badala ya kuuacha mdomo wake mahali pamoja, na aanzie mwisho wa shamba. Aliulizia pia pampu ya sola aliyoiona ukutani, kama shilingi milioni moja na laki tisa pamoja na paneli. Kijana akamhesabia: petroli ya lita moja kwa siku, kwa shilingi 3,000 na siku 90 za kumwagilia, ni laki mbili na elfu sabini kwa msimu. Kwa petroli peke yake, sola ingechukua misimu saba kurudisha fedha, yaani miaka saba kwa anayelima mara moja kwa mwaka. Labda alime misimu miwili kwa mwaka, au kisima kiongezwe kina; hapo hesabu inabadilika, na kamba yenye mafundo itasema kama maji yatatosha. Mkulima akaiomba ile karatasi ya hesabu, akaikunja, akasema ataionyesha nyumbani.